Mafaili Mawili Yanayojaza Diski C

Kompyuta mpakato ya rafiki yangu ina diski ya GB 128 na kumbukumbu ya muda ya GB 16. Diski C ilipojaa alifuta picha, kisha video, lakini nafasi ikabaki finyu. Tulipofungua mafaili ya mfumo yaliyofichwa, tukayakuta: hiberfil.sys na pagefile.sys.

La kwanza ni stoo ya usingizi mzito. Kompyuta ikilala kwa njia ya Hibernate, kila kilichokuwa wazi huandikwa humo, umeme ukakatika kabisa, na ukiwasha unakuta kazi yako pale pale. Katika Windows 10 na 11, kwa kawaida faili hili huchukua asilimia 40 ya kumbukumbu ya muda. Kwake ni kama GB 6.4. Rafiki yangu huzima kompyuta kila jioni, hatumii Hibernate. Tukafungua Command Prompt kwa Run as administrator, tukaandika:

```
powercfg /h /type reduced
```

Likashuka hadi asilimia 20, na kompyuta bado inawaka haraka. Anayefanya kazi kwa betri na kukatikiwa umeme asiliguse.

Pagefile.sys ni jambo jingine. Humo Windows huhamishia data kumbukumbu inapozidiwa, nalo hupanuka kadiri ya mzigo. Ukiliondoa, programu nzito zitajifunga ghafla na kazi isiyohifadhiwa itapotea. Hilo liachie Windows ilisimamie yenyewe.