Ujumbe Mmoja, Taarifa Nne: Namna ya Kuripoti Hitilafu ya Kompyuta Ofisini

Dawati la msaada wa TEHAMA, yaani kitengo kinachopokea na kushughulikia matatizo ya kompyuta ya wafanyakazi, hupokea mara nyingi ujumbe wa namna hii: “Printa haichapi tangu asubuhi, tusaidieni haraka.” Ujumbe huo hautaji kifaa mahususi, kosa, saa kamili wala kazi iliyokwama, na kwa hiyo fundi hulazimika kuuliza maswali kadhaa kabla ya kuanza kazi, au kwenda kukagua karatasi, wino na nyaya ambazo huenda hazina tatizo lolote.

Ujumbe huohuo, ukitoka kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, ungeweza kuandikwa hivi: “Kompyuta yenye lebo GH-14 haiunganiki na printa iliyoshirikishwa kupitia kompyuta ya mapokezi. Skrini inaonyesha `Operation failed with error 0x0000011b`. Tatizo lilianza leo saa 09:10, baada ya kompyuta kumaliza kusakinisha masasisho. Jana jioni ilichapa vizuri. Mapokezi wanachapa bila shida. Malori matatu yanasubiri hati za mizigo na yanatakiwa kuondoka saa 12:00 mchana.”

Msimbo huo wa kosa ulijulikana sana baada ya masasisho ya usalama ya Windows ya Septemba 2021, ambayo yaliimarisha ulinzi wa mawasiliano kati ya kompyuta inayotuma kazi na ile inayoshirikisha printa, hivi kwamba pale ambapo kompyuta hizo hazikuwa na masasisho yanayolingana, muunganisho ulikataliwa. Kwa kuwa mapokezi wanachapa, fundi anajua kwamba printa yenyewe ni nzima, na anaanza kwa kulinganisha masasisho ya kompyuta zote mbili.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya matukio ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe, hufuata saa inayoonekana kwenye skrini. Mfanyakazi akiandika “saa 3:10” akimaanisha asubuhi, na fundi akatafuta 03:10 badala ya 09:10, ataangukia usiku wa manane ambapo hakuna tukio linalohusika.

Athari kwa kazi ndiyo inayoamua foleni, kwa kuwa dawati hupanga kipaumbele kwa kuangalia ukubwa wa athari pamoja na muda uliobaki kabla ya hasara kutokea. Neno “haraka” halionyeshi lolote kati ya hayo, ilhali malori matatu na saa ya kuondoka vinaonyesha yote mawili.

Mfanyakazi anakili maneno ya kosa au apige picha ya skrini kabla ya kuzima kompyuta, aeleze alichokiona badala ya anachokidhania, na asiandike nywila yake kamwe.