Kiongozi Aliyesinzia: Kwa Nini Kufuli Peke Yake Halitoshi

Chukua seva tatu, A, B na C, za mfumo mmoja wa malipo. Kila usiku seva moja tu inatakiwa kujumlisha miamala ya siku na kuandika salio jipya la kila mteja. Zikifanya kazi hiyo mbili, kuna wateja watakaokatwa pesa mara mbili. Isipofanya hata moja, kesho hesabu zitaanza vibaya. Kwa hiyo tunahitaji kiongozi mmoja, na akifa apatikane mwingine bila kumwamsha mtu usingizini.

Rahisi, utasema: A iongoze, ikinyamaza B ichukue. Shida iko kwenye hilo neno “ikinyamaza”. Ukiwa upande wa B huwezi kujua kama A imezimika, imezidiwa na kazi, au ni mtandao kati yenu uliokatika. Zote tatu zinaonekana sawa: kimya tu. Mtandao ukikatika, A inaendelea kujiona kiongozi na B nayo inajitangaza. Sasa una viongozi wawili, kila mmoja akiandika salio lake.

Ndiyo maana uamuzi huu hukabidhiwa huduma maalumu ya uratibu. Google walieleza ya kwao, Chubby, mwaka 2006; nje ya Google zinazojulikana sana ni ZooKeeper na etcd. Huduma yenyewe huendeshwa na seva chache, mara nyingi tano, na hakuna kinachopitishwa mpaka angalau tatu zikubali. Kati ya seva tano huwezi kupata makundi mawili ya seva tatu yasiyochangia hata moja, kwa hiyo majibu mawili yanayopingana hayawezi kupita yote. Mtandao ukigawanyika, upande wenye seva mbili husimama tu, hauamui chochote.

Tuone ZooKeeper inavyofanya. Kila seva yetu hufungua kikao, kisha hutoa amri hii:

```
create -s -e /uchaguzi/n_
```

`-s` inaipa nodi namba inayofuata, na `-e` inaifanya nodi ife pale kikao cha mwenyewe kinapokufa. Matokeo yake:

```
n_0000000007   A
n_0000000008   B
n_0000000009   C
```

Mwenye namba ndogo ndiye kiongozi, ndiye anayeshika kufuli. B inaiangalia nodi ya A tu, na C inaiangalia ya B tu. Wangeiangalia ya kwanza wote, seva mia moja zingeamka na kukimbilia ZooKeeper kila kiongozi anapoondoka.

Kikao hudumishwa kwa ishara fupi za “nipo hai”. Tuseme muda wake ni sekunde 10. A ikinyamaza kupita hapo, nodi yake inafutwa, na B inakuwa kiongozi. Safi, si ndiyo?

Sasa angalia. A ni programu ya Java, na katikati ya kazi inasimama sekunde 15 ili kusafisha kumbukumbu yake. Ilikuwa imeshahakiki kwamba inashika kufuli, na hatua inayofuata ni kuandika salio. Ikiwa imesinzia, ZooKeeper inaua kikao chake na B inaanza kazi. A inaamka. Kwake hakuna sekunde hata moja iliyopita, kwa hiyo inaandika. Kuhakiki kufuli tena kabla ya kuandika hakusaidii, maana inaweza kusinzia baada ya kuhakiki pia.

Dawa haiko kwenye kufuli, iko kwenye hifadhidata. Kila anayeandika aje na namba yake ya uongozi, na hifadhidata ikumbuke namba kubwa kuliko zote iliyowahi kuiona. B inapoanza, kabla hata ya kusoma salio, inaandikisha namba 8. A ikifika na 7, inakataliwa mlangoni. Kuandikisha kwanza ni muhimu: B ikisoma kabla ya kuandikisha, A inaweza kupenyeza andiko lake katikati, na B itapiga hesabu kwa salio la zamani.

Ukitaka kujua kama mfumo wako unapatwa na hili, fungua kumbukumbu za matukio za programu. Tafuta maneno `Session expired`, kisha linganisha saa yake na vipindi ambavyo Java ilisimama kusafisha. Ukiona kipindi kirefu kuliko muda wa kikao, halafu andiko la A baada ya B kushika uongozi, umempata.

Kuna mpaka wa dawa hii. Inafanya kazi pale tu anayepokea andiko anaweza kukagua namba. Kama kazi ya kiongozi ni kutuma meseji za simu, hakuna wa kuikataa meseji ya kiongozi aliyeamka kuchelewa. Hapo kufuli linapunguza marudio, haliyamalizi.