Blakjeki: Kasino Hupata Wapi Faida Yake?

Dila wa blakjeki hana hiari. Karata zake zikiwa na jumla ya 16 au chini, lazima avute nyingine. Zikifika 17, lazima asimame. Hana ujanja wala hisia, na hawezi kukubabaisha kama mchezaji wa poka. Wewe uko huru kufanya utakavyo: kuvuta, kusimama, kuongeza dau mara mbili, au kugawanya karata mbili zinazolingana ziwe mikono miwili. Zaidi ya hayo, karata moja ya dila imelala wazi mezani ukiiona. Mtu akielezwa hivyo kwa mara ya kwanza hujiuliza kasino hupata wapi faida.

Jibu liko katika mpangilio wa zamu. Mchezaji huanza. Ukipita 21, dau lako linachukuliwa papo hapo, hata kama dila naye atapita 21 dakika moja baadaye. Dila hupita 21 takribani mara 28 katika kila raundi 100. Ukiamua kucheza kama yeye, yaani uvute hadi 17 kisha usimame, nawe utapita mara 28 hivi. Kwa hiyo kuna takribani raundi 8 katika kila 100 ambazo nyote wawili mngepita, na zote hizo ni zake. Kasino hukurudishia sehemu ndogo kwa njia ya malipo ya ziada: ukipata ree na karata yenye thamani ya kumi katika karata zako mbili za mwanzo, hiyo ndiyo blakjeki yenyewe, na kwa desturi hulipwa tatu kwa mbili. Baada ya fidia hiyo, anayemwiga dila bado hupoteza karibu asilimia 5.5 ya kila anachoweka.

Mkakati wa msingi ni njia ya kuipunguza asilimia hiyo kwa kutumia uhuru ambao dila hana. Waliouandika kwanza kwa hesabu kamili walikuwa askari wanne wa jeshi la Marekani waliokuwa Aberdeen, jimbo la Maryland: Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott. Walitumia mashine za kujumlisha za mezani, na mwaka 1956 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Kwa kila jumla unayoweza kushika, na kwa kila karata ambayo dila anaweza kuonyesha, walikokotoa ni hatua ipi inayopoteza kidogo zaidi au inayoleta faida kubwa zaidi. Kompyuta zilipokuja zilirekebisha sehemu chache tu za jedwali lao.

Mantiki yake ni rahisi kuifuata. Dila akionyesha 6, yuko pabaya: hupita 21 takribani mara 42 katika 100. Hapo usijihatarishe. Hata ukiwa na 12 simama, umwache avute mwenyewe. Ukiwa na 11, ongeza dau mara mbili, kwa sababu huo ni wakati ambao fedha zaidi mezani zinakufaa wewe. Dila akionyesha kumi au ree, mambo yanageuka. Uwezekano wa kufika kati ya 17 na 21 ni mkubwa, kwa hiyo kusimama na 13 au 14 ukingoja apite ni kungoja jambo lisilotokea mara nyingi.

Mkono unaoleta ubishi kuliko yote ni 16 dhidi ya kumi. Ukivuta, kinachokuokoa ni ree, 2, 3, 4 au 5 tu, yaani aina 5 kati ya 13. Ukisimama, unashinda pale tu dila anapopita, na akionyesha kumi (akiwa ameshahakikisha hana blakjeki) hilo hutokea takribani mara 23 katika 100. Njia zote mbili hupoteza wastani wa shilingi 5,400 hivi kwa kila dau la 10,000, na kuvuta ni bora kwa tofauti ndogo mno. Palipo na ruhusa ya kusalimu amri, yaani kuacha nusu ya dau na kujitoa, fanya hivyo: utapoteza 5,000. Wengi hukataa, wakiona ni aibu kujitoa kabla ya vita kwisha. Lakini mkakati wa msingi hauahidi ushindi katika mkono huu. Unachofanya ni kuchagua hasara iliyo ndogo, na sehemu kubwa ya jedwali lile ni uchaguzi wa namna hiyo.

Anayelifuata jedwali bila kukosea, katika meza yenye sheria nzuri, hubaki akiipa kasino karibu asilimia 0.5. Hiyo ni hasara ndogo sana kwa mchezo wa kasino, ila ni hasara. Jedwali peke yake halikuvushi upande wa pili.

Na hiyo nusu asilimia haimo katika kila meza. Mambo hubadilika kwa maneno machache yaliyoandikwa kwenye kitambaa cha meza, au yaliyofichwa katika ukurasa wa sheria wa mchezo wa mtandaoni. Neno lenye uzito kuliko yote ni malipo ya blakjeki. Meza nyingi sasa hulipa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili. Kwa sikio, sita kwa tano inasikika kubwa, maana tarakimu zake ni kubwa. Hebu tupige hesabu. Umeweka 10,000. Kwa tatu kwa mbili unalipwa 15,000. Kwa sita kwa tano unalipwa 12,000. Umenyang'anywa 3,000 katika mkono mzuri kuliko yote.

Katika kasha la pakiti sita, blakjeki humfikia mchezaji karibu mara moja katika raundi 21. Tukiondoa zile ambazo dila naye anayo na hakuna anayelipwa, zinabaki kama 4.5 katika raundi 100. Kwa raundi hizo 100 umeweka jumla ya 1,000,000. Meza ya asilimia 0.5 ingekula wastani wa 5,000. Meza ya sita kwa tano inaongeza 13,500 juu yake, jumla 18,500. Mchezaji ni yule yule, jedwali ni lile lile, umakini ni ule ule, na bei imekaribia kuwa mara nne. Naona huu ndio udanganyifu mkubwa wa mchezo huu leo, na nasema hivyo nikijua kwamba sheria imeandikwa wazi, kwa kuwa imeandikwa kwa namna inayomfanya mtu aamini amependelewa.

Sheria nyingine zinauma kidogo kidogo. Ipo jumla ya 17 inayoitwa laini, kwa mfano ree na 6, ambapo ree inaweza kuhesabiwa 11 au 1. Dila akitakiwa kuvuta badala ya kusimama nayo, mchezaji hupoteza karibu asilimia 0.2 zaidi. Kukatazwa kuongeza dau baada ya kugawanya pea hugharimu kama 0.14. Wingi wa pakiti nao una bei: kutoka pakiti moja hadi nane, sheria nyingine zikibaki vilevile, ni kama nusu asilimia. Ndiyo maana baadhi ya kasino huweka meza ya pakiti moja yenye tangazo kubwa, kisha hulipa sita kwa tano. Kivutio kinarudishwa, na zaidi.

Sasa tuje kwenye kuhesabu karata, maana ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kumvusha mchezaji. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, aliutangaza msingi wake katika kitabu alichochapisha mwaka 1962. Karata zilizokwisha kutoka hazirudi hadi zichangwe upya. Zikitoka nyingi ndogo, kasha linabaki na kumi na ree nyingi. Blakjeki zinaongezeka na wewe unalipwa ziada. Dila aliyeshika 14 analazimika kuvuta katika rundo lililojaa kumi. Wewe unaweza kusimama.

Mfumo unaotumika sana huongeza moja kwa kila karata ya 2 hadi 6, huondoa moja kwa kila kumi, picha au ree, na 7 hadi 9 huachwa. Jumla unayoipata huigawa kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Kila moja katika jibu hilo humsogeza mchezaji mbele kwa karibu nusu asilimia. Katika meza ambayo faida ya kasino ni 0.7, jibu la 2 linamfikisha mchezaji kwenye faida ya 0.3. Hapo ndipo anaongeza dau.

Mtandaoni kuna michezo ya aina mbili. Wa kwanza ni wa programu tupu, karata za kuchorwa kwenye skrini. Kwa kawaida programu huchanga pakiti zote upya kabla ya kila raundi, kwa hiyo ulichokiona raundi iliyopita hakina uhusiano wowote na kinachokuja. Hesabu huanza sifuri kila mara. Anayekuuzia programu ya kuhesabu karata kwa mchezo wa namna hiyo anakuibia, na sioni neno laini zaidi la kulitumia.

Wa pili ni wa video ya moja kwa moja, dila akiwa mtu halisi katika studio, kwa mfano Riga nchini Latvia. Karata ni za kweli, na hapa watu huona matumaini. Kwa kawaida kasha lina pakiti nane, na karata ya plastiki ya kukatia huwekwa karibu na katikati. Zikitoka pakiti nne hivi, wanachanga upya. Ili upate 2 ukigawa kwa pakiti nne zilizobaki, lazima jumla yako iwe imefika 8. Mwanzoni mwa kasha ni vigumu zaidi, kwa sababu unagawa kwa saba au sita. Nikikokotoa kwa kasha zima, fursa ya 2 au zaidi huja chini ya mara moja katika raundi kumi, kama raundi 7 katika 100.

Tuseme unaweka 5,000 katika raundi 93 za kawaida, na 50,000 katika zile 7 nzuri. Katika zile 93 kasino inakushinda kwa takribani asilimia 0.8, kwa sababu nzuri zimeshaondolewa: hasara ni 3,720. Katika zile 7, ambazo nyingine zinapita 2, unaishinda kwa takribani 0.7: faida ni 2,450. Umekaa mezani saa mbili hivi, umehesabu kila karata bila kosa, umepandisha dau mara kumi, na wastani wako ni hasara ya shilingi 1,270. Nayo studio inasoma kila karata kwa mashine na kutunza kumbukumbu ya kila dau, hivyo mtu anayepandisha dau mara kumi kila hesabu inapopanda huonekana bila mlinzi kumkazia macho.

Hasara hiyo ndogo hutaiona. Kwa madau hayo, raundi 100 zinaweza kukupeleka juu au chini kwa shilingi 160,000 kwa bahati tupu, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Aliyeondoka na faida ya 150,000 usiku mmoja ataapa kwamba mfumo unafanya kazi, na aliyepoteza kiasi hicho atasema alikosea kuhesabu. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kujua kwa raundi 100 wala kwa 1,000. Wastani wa namna hii huanza kujitenga na bahati baada ya zaidi ya raundi milioni moja.