Tanzia ya Mfanyakazi kwenye Ukurasa wa Kampuni

Tanzia ya kampuni hutanguliwa na simu. Kabla ya neno lolote kuwekwa mtandaoni, ofisa rasilimali watu huzungumza na msemaji wa familia, mara nyingi kaka au baba mdogo wa marehemu, na kumuuliza kama ndugu wa karibu wote wameshapata habari, jina liandikweje, na maziko ni lini. Jibu la kwanza ndilo zito kuliko yote. Ni ukatili mama aliyeko Tanga kujua kifo cha mwanawe kwa kuonyeshwa picha kwenye simu ya jirani.

Chukua mfano wa dereva Mwislamu wa kampuni ya usambazaji, Dar es Salaam, aliyefariki usiku. Maziko ya Waislamu hayacheleweshwi, na huenda akazikwa kesho yake alasiri. Tangazo likitoka jioni, wenzake watakuwa wameshakosa kumsindikiza. Asubuhi, chini ya picha na jina lake kamili, inatosha kuandika hivi:

“Uongozi na wafanyakazi wanasikitika kutangaza kifo cha mwenzao, dereva wa tawi la Temeke, kilichotokea usiku wa kuamkia leo. Alijiunga nasi mwaka 2014, na madereva wengi wa tawi hilo waliizoea barabara ya Lindi wakiwa naye. Maziko ni leo baada ya swala ya alasiri, makaburi ya Kisutu. Tunatoa pole kwa mjane, watoto na ndugu wote. Mwenyezi Mungu amrehemu.”

Sentensi ya barabara ya Lindi ndiyo inayomtambulisha mtu huyu na si mwingine. “Pengo lisilozibika” huandikwa kwa kila marehemu, na waliofanya naye kazi husoma wakapita. Dua nayo hufuata dini ya marehemu, si ya mkurugenzi.

Chanzo cha kifo hakikutajwa, na ndivyo inavyopasa. Ugonjwa ni siri ya familia. Ikiwa ni ajali kazini, polisi bado wanachunguza na warithi huenda wakadai fidia. Neno moja la haraka kuhusu mwendo kasi linaweza kuwaletea matatizo. Picha iwe ile ambayo familia imeiridhia, kamwe isiwe ya gari lililopondeka. Nembo ya kampuni ibaki ndogo pembeni, bila kaulimbiu ya biashara wala namba ya huduma kwa wateja.

Tanzia ikishatoka, matangazo yaliyopangwa kujituma yenyewe husitishwa, maana ofa ya mwisho wa mwezi ikitokea juu ya picha ya marehemu, pole yote hugeuka tusi. Namba ya kutuma rambirambi isiwekwe hadharani, kwa kuwa matapeli huinakili tanzia na kuweka namba yao. Wenzake wapewe ndani ya ofisi, baada ya msemaji wa familia kuithibitisha.