Bahasha Moja, Majina Matano

Chukua noti ya shilingi mia tano uitie katika bahasha. Ukimpa mhudumu wa hoteli baada ya kula, ni bakshishi. Ukiitoa kanisani au msikitini, ni sadaka. Kwenye harambee ya karo ni mchango, na kwa bibi harusi ni zawadi. Lakini mpe karani anayeshikilia faili yako, naye ataiita chai. Neno hongo hutalisikia kabisa.

Ajabu ni kwamba hongo lenyewe halikuanza na aibu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ililipa hongo kwa watawala wa bara ili ipishwe njia. Ulikuwa ushuru, na ulidaiwa hadharani.

Sasa tuseme wewe ndiwe umeambiwa uandike kanuni za ofisi. Ukiandika "Ni marufuku kupokea hongo," kila mfanyakazi atatia sahihi kwa furaha, na kesho atapokea chai, kwani hajioni mle ndani. Ukiandika "Ni marufuku kupokea zawadi," umemtia hatiani hata mzee aliyeleta maparachichi mawili kwa adabu zake. Watu wataona kanuni yako haina utu, nao wataipuuza yote.

Bunge letu liliikwepa mitego hiyo miwili. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inazungumzia manufaa, yawe ya kifedha au mengineyo, yanayotolewa ili kazi ifanywe isivyostahili. Neno manufaa ni baridi kama maji ya mtungi. Halimsifu mtu wala halimtukani. Hata kazi aliyotafutiwa mpwa wa karani imo. Ila baridi hiyo ina hasara yake: anayelisoma ukutani hashtuki. Kwa hivyo chini yake andika pia majina ya mtaani: chai, soda, kitu kidogo.

Halafu kuna yule mzee. Cheti chake kimetoka, amekwenda zake, na wiki ijayo anarudi na kuku. Je, ni shukrani? Usimwulize anamwitaje kuku huyo. Uliza kama ana jambo jingine ofisini. Ikiwa faili ya nduguye iko juu ya meza ya karani yule yule, basi kuku ametangulia kuisemea. Uliza pia kama angemleta mbele ya mkubwa wa ofisi, au anapitia mlango wa nyuma.

Hapo kanuni yako yaweza kuwa fupi: "Usipokee kitu kwa mtu ambaye jambo lake, au la jamaa yake, liko mikononi mwako. Kinginecho kiandikwe daftarini: tarehe, mtoaji na thamani."

Mwenye kuku akiliona daftari hilo akamrudisha kuku nyumbani, jibu umelipata.