Barua kwa Wewe wa 2036: Milioni Moja Inayohesabika

Umemaliza chuo, joho umerudisha, na mshahara wa kwanza umeingia. Sasa unataka kumwandikia barua yule mtu utakayekuwa miaka kumi ijayo, umwambie utajiri unaomwahidi. Ni zoezi zuri. Ila barua nyingi za aina hii zina shida moja: zinataja mkwanja wa mwisho wa safari, na hazitaji pesa itakayotoka mwisho wa mwezi huu.

Leo tutaandika barua moja pamoja nawe, hatua kwa hatua. Tumebuni mhitimu wa miaka 24 anayekaa Ruiru na kufanya kazi Nairobi. Mtu huyu si mteja wetu yeyote, lakini hesabu zake huenda ukazitambua.

Anza na mwezi, si na ndoto

Baada ya kodi na makato mengine, kabla ya kulipa HELB, mhitimu wetu anabaki na Sh38,000. Mwezi wake uko hivi:

- Kodi ya nyumba, bedsita: Sh9,000
- Chakula: Sh9,000
- Nauli ya matatu, Sh200 kwa siku 22: Sh4,400
- Kutuma nyumbani: Sh4,000
- HELB: Sh3,500
- Stima, maji na bando: Sh2,600

Jumla ni Sh32,500. Kinachobaki ni Sh5,500, na humo kuna viatu, dawa, na michango ya harusi na matanga ambayo huji kujua mpaka uwekwe kwenye grupu. Akisema ataweka akiba Sh5,000 kila mwezi, atakuwa anajidanganya kufikia Machi. Akisema Sh3,000, inawezekana. Kwa hiyo barua inaanza hivi:

> *Kwako, mimi wa Januari 2036. Nakuandikia nikiwa na mshahara wa Sh38,000 na deni la HELB la Sh240,000. Kuanzia mwezi huu nakuwekea Sh3,000, siku ileile mshahara unapoingia, kabla sijalipa kitu kingine.*

Angalia alichofanya. Ametaja anakoanzia, pamoja na deni. Mtu wa 2036 hawezi kujua kama alipiga hatua ikiwa hajui alianzia wapi.

Milioni ya leo si milioni ya 2036

Mstari unaofuata karibu kila mtu huuandika: "Baada ya miaka kumi nitakuwa na milioni moja." Hapo ndipo barua nyingi huharibika, kwa sababu bei hazitakusubiri.

Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 2.5 na 7.5 kwa mwaka. Tuchukue katikati, asilimia 5. Kwa kasi hiyo, kitu unachonunua leo kwa Sh1,000,000 kitahitaji takriban Sh1,629,000 baada ya miaka kumi. Ukifika 2036 na milioni moja kamili mkononi, utakuwa na nguvu ya kununua ya kama Sh614,000 za leo. Ploti uliyokuwa ukiiota itakuwa imekupita.

Sasa tuangalie ile Sh3,000. Akiiweka kila mwezi kwa miaka kumi bila kukosa, atakuwa ametoa Sh360,000. Tuseme ameiweka mahali panapompa asilimia 8 kwa mwaka baada ya kodi, na riba inaongezwa kila mwezi juu ya riba. Atafikisha karibu Sh549,000. Ukiigeuza kwa bei za leo, ni kama Sh337,000.

Hapa wengine hukunja barua na kusema akiba ni ya matajiri. Lakini ukiitazama vizuri, hesabu hiyo inasema jambo moja tu: amechukua mshahara wa miaka 24 na kuufanya kipimo cha miaka yote kumi. Mshahara ukipanda na akiba ikabaki palepale, nyongeza yote italiwa na maisha.

Ahadi inayobeba barua yote

Tubadilishe kitu kimoja tu. Mwaka wa kwanza anaweka Sh3,000 kwa mwezi. Kila Januari anaongeza Sh1,500. Mwaka wa pili inakuwa Sh4,500, wa tatu Sh6,000, hivyohivyo mpaka mwaka wa kumi anapoweka Sh16,500 kwa mwezi. Kwa asilimia 8 ileile, mwisho wa miaka kumi atakuwa na takriban Sh1,605,000. Kati ya hizo, Sh1,170,000 ni jasho lake na zilizobaki ni riba. Kwa bei za leo hiyo ni karibu Sh985,000. Sasa ile milioni imekuwa ya kweli, au imekaribia sana.

Je, Sh16,500 itatoka wapi? Sehemu itatoka kwa nyongeza za mshahara. Sehemu nyingine imejificha kwenye orodha yake mwenyewe. Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Deni la Sh240,000 likilipwa Sh3,500 kila mwezi litaisha baada ya miaka sita na nusu hivi. Siku hiyo mfuko wake utapata nafuu ya Sh3,500, ambayo inatosha ongezo la miaka miwili na zaidi. Wengi hawaioni nafuu hiyo, kwa sababu mwezi huohuo wanahamia nyumba kubwa. Kwa hiyo anaandika:

> *Kila Januari nitaongeza Sh1,500, hata kama mshahara umepanda kidogo tu. HELB ikiisha, ile Sh3,500 haitakuwa ya matumizi. Nitaendelea kuilipa, ila sasa nitakulipa wewe. Lengo langu si tarakimu ya milioni. Ni kitu ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni moja.*

Neno kuhusu ile asilimia 8. Ni makadirio, wala hakuna aliyekuahidi. Mifuko ya soko la fedha, ile inayokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha serikali na benki kwa muda mfupi, hulipa riba inayopanda na kushuka. Riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15, kwa hiyo asilimia 10 inayotangazwa inakufikia ikiwa 8.5. Kabla ya kutuma pesa, hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anauza kitu kingine kabisa.

Kinachovunja ahadi

Mpango huu hauvunjwi na mtu kuamua kuacha. Unavunjwa na mwezi mmoja mbaya. Mama amelazwa, simu imeibwa, mwajiri amechelewesha mshahara. Anatoa akiba yote, halafu anakopa juu yake.

Tuchukue mkopo wa simu wa Sh5,000 wa siku 30, wenye ada ya asilimia 7.5. Ada ni Sh375, na mtu husema si kitu. Ikiwa kila mwisho wa mwezi analipa na kukopa tena siku hiyohiyo, kwa mwaka atalipa Sh4,500 kwa ada tu, na deni la Sh5,000 bado liko palepale. Hiyo ni akiba ya mwezi mmoja na nusu ya mhitimu wetu.

Ndiyo maana pesa ya mwaka wa kwanza haifai kufungiwa. Sh3,000 mara 12 ni Sh36,000, yaani matumizi ya mwezi mmoja na kidogo juu. Hiyo ndiyo ngao yake. Aiweke mahali anapoweza kuitoa kwa siku mbili tatu, na pasiwe kwenye salio la simu, ambapo inaweza kuisha kwa chipsi na bando. Pesa za mwaka wa pili kwenda mbele ndizo zinazoweza kufungiwa, au kuwekwa SACCO ikiwa nia ni kukopa baadaye kwa ajili ya ploti. Ajue tu kwamba amana za SACCO kwa kawaida hazitoki mpaka ujiondoe uanachama.

Ahadi nzuri pia husema kitakachofanyika mambo yakienda mrama:

> *Nikipoteza kazi, nitasimamisha akiba, sitakopa ili niitimize. Nitawaandikia HELB mwezi huohuo, kwa sababu kunyamaza kuna faini. Nikitumia ngao, nitairudisha kwanza kabla ya kuongeza kokote. Nikipata mshahara tena, nitaanza na kiasi ninachoweza, hata kama ni Sh500, mwezi uleule wa kwanza.*

Faini ya kutolipa HELB ni Sh5,000 kwa mwezi, zaidi ya malipo yenyewe ya mhitimu wetu. Kuomba mpango mpya wa malipo hakukugharimu hivyo.

Ifungue kila Januari

Barua inayofunguliwa baada ya miaka kumi pekee ni kumbukumbu tu. Ifungue kila mwaka, na siku hiyo omba taarifa ya miamala yako ya miezi 12 kwenye simu. Tafuta mambo matatu.

Kwanza, hesabu mara ulizoweka akiba. Zikiwa 12, vizuri. Zikiwa saba, kiasi ulichojiwekea ni kikubwa mno. Kipunguze kabla hujajilaumu.

Pili, angalia kama pesa iliingia tarehe mbili na kutoka tarehe kumi na nane. Hiyo si akiba, ni matumizi yaliyochelewa. Mara nyingi chanzo ni kwamba bajeti ya chakula au nauli iliandikwa chini kuliko ukweli.

Tatu, jumlisha ada zote za mikopo ya simu na uandike jumla hiyo chini ya barua, kwa tarehe. Ikipungua kila mwaka, unaelekea. Ikiongezeka, acha kuongeza akiba kwanza, maliza mkopo.

Halafu badilisha agizo la malipo ya kila mwezi kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500 siku hiyohiyo, barua ikiwa mbele yako. Ukisema utafanya wikendi, mwaka utaisha.

Jambo la mwisho kuhusu barua yenyewe. Usiandike namba ya siri ndani yake, hata kwa mafumbo. Andika badala yake akaunti zako ziko wapi na ni nani uliyemtaja kuwa mrithi katika kila moja. Hayo mawili mtu wako wa karibu atayahitaji usipokuwepo, na wewe wa 2036 atashangaa ni mara ngapi yamebadilika.