Simu ikiibwa, akaunti ya Steam unaipataje?

Mwezi Machi 2011, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CeBIT mjini Hannover, Ujerumani, Gabe Newell alitaja neno la siri la akaunti yake mbele ya watu. Newell ndiye mkuu wa Valve, kampuni ya Marekani yenye duka la gemu za kompyuta liitwalo Steam, na siku hiyo alikuwa anatambulisha kinga mpya, Steam Guard. Alitaka watu waone kwamba kulijua neno lake la siri peke yake hakutoshi kuwaingiza kwenye akaunti yake.

Wachezaji wengi hawakuijali kinga hiyo, na wezi wakaneemeka. Desemba 2015 Valve yenyewe ilieleza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zinatekwa na kuporwa kila mwezi. Kilichokuwa kinawindwa si gemu tu. Silaha za rangi na mapambo ya gemu kama Counter-Strike huuzwa kwa fedha halisi, na mwizi akishaingia huvihamishia kwenye akaunti nyingine ndani ya dakika chache.

Kuiwasha Steam Guard ni kazi fupi. Unapakua programu ya Steam kwenye simu, unaingia kwa jina na neno lako la siri, kisha unagusa alama ya ngao na kufuata maelekezo ya kuongeza kithibitishi. Ukiwa umeweka namba ya simu, Steam inakutumia meseji yenye tarakimu za kuthibitisha. Namba hiyo iweke hata kama unaona uvivu, maana utaihitaji siku ya shida. Tangu hapo, kila unapotaka kuingia kwenye kompyuta ngeni, utaombwa ukubali kwenye simu au uandike msimbo wa herufi na tarakimu tano unaobadilika kila baada ya sekunde 30.

Wengi hudhani msimbo huo unatumwa na Steam kila mara. Sivyo. Siku ya kuwasha kinga, simu yako na kompyuta za Steam zilipeana siri moja ndefu. Simu inaichukua siri hiyo, inaichanganya na saa ya wakati huo na kutoa msimbo. Kule Steam nako inapigwa hesabu ileile, na majibu yakilingana unafunguliwa.

Kwa hiyo kinachokutambulisha ni ile siri iliyomo ndani ya simu, na ikifutika, hakuna kithibitishi tena. Ukiifuta programu, ukiisafisha simu ili uiuze, au ukiibiwa, siri imeondoka nayo. Kuipakua programu upya kwenye simu nyingine hakuirudishi. Ndiyo maana anayebadilisha simu inampasa ahamishe kithibitishi kabla hajaifuta simu ya zamani.

Steam iliona tatizo hilo mapema, ikaweka dawa ambayo watu wengi huipita bila kuisoma. Unapomaliza kuwasha kithibitishi, kioo kinakuonyesha msimbo wa kurejesha akaunti: herufi R ikifuatiwa na tarakimu tano, kwa mfano R12345. Uandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako. Kuupiga picha na kuiacha picha kwenye simu hiyohiyo hakusaidii kitu, kwani simu ikienda na picha imekwenda. Kama uliupita, bado unaweza kuuona ndani ya programu, kwenye mipangilio ya Steam Guard, maadamu simu iko mkononi mwako. Ukiondoa kithibitishi na kukiweka upya unapewa msimbo mwingine, na ule wa zamani unakuwa haufai.

Sasa tuchukue mfano wa kijana wa Dar es Salaam aliyenyakuliwa simu kwenye daladala. Jioni anakwenda kwa rafiki yake kucheza, anaandika jina na neno la siri, na Steam inamwomba msimbo ambao hana. Anafungua help.steampowered.com, anachagua kwamba hawezi kuingia, kisha kwamba kithibitishi chake kimepotea. Akiwa na ile karatasi ya R, anauandika msimbo, kithibitishi kinaondolewa na anaingia usiku uleule.

Asipokuwa nayo, njia inayofuata ni meseji kwenye namba aliyosajili, na hapa kwetu ndipo watu wengi hukwama. Laini zetu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, kwa hiyo kurudishiwa namba iliyopotea ni jambo jepesi, mradi laini iwe kwa jina lako. Lakini vijana wangapi wanatumia laini iliyosajiliwa na kaka, shangazi au rafiki aliyeshahama mji? Mwenye laini asipofika mwenyewe, namba hairudi. Laini iliyolala miezi mingi bila kutumika nayo huchukuliwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na meseji za akaunti yako zitaingia kwake. Laini yenye mashaka ya namna hiyo usiifanye tegemeo la akaunti yako.

Barua pepe nayo husaidia, ila tu kama unaweza kuifungua bila simu iliyoibwa. Ikiwa nayo inadai uthibitisho kutoka simu ileile, umefungiwa nje mara mbili.

Milango yote ikigoma, yanabaki maombi kwa wahudumu wa Steam. Watataka ushahidi kwamba akaunti ni yako: taarifa za kadi au malipo uliyonunulia gemu, barua pepe uliyofungulia akaunti, au msimbo uliokuwa ndani ya boksi la gemu ulilonunua dukani. Aliyenunua kila kitu kupitia kadi ya mtu mwingine, bila kutunza risiti, atahangaika sana hapa. Maombi haya hupokelewa kwenye tovuti yao tu. Anayekufuata kwenye chati akijiita mhudumu wa Steam na kukuomba msimbo ni mwizi.

Mwizi huyo ana njia nyingine pia, ambayo Steam Guard haiwezi kuizuia peke yake. Rafiki anakutumia kiungo akikuomba uipigie kura timu yake. Kiungo kinafungua ukurasa unaofanana kabisa na wa Steam, unaandika neno la siri na msimbo, na ndani ya zile sekunde chache mwizi anauandika kwenye ukurasa wa kweli. Mara nyingi hata rafiki mwenyewe alishatekwa kabla yako. Soma anwani iliyo juu ya ukurasa herufi kwa herufi, na bora zaidi uiandike mwenyewe badala ya kugusa kiungo. Simu ikikuuliza kama ni wewe unayeingia, nawe hukujaribu kuingia popote, kataa, kisha badilisha neno la siri papo hapo, maana kuna mtu ameshalijua.

Kijana wetu wa daladala akishaingia, kwanza abadilishe neno la siri na kuviondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, simu iliyoibwa ikiwemo. Kisha aweke kithibitishi kwenye simu mpya na kuandika msimbo mpya wa R. Gemu zake atazicheza siku hiyohiyo. Lakini akitaka kubadilishana vitu na mwenzake kabla kithibitishi kipya hakijatimiza siku 7, Steam itavishikilia vitu hivyo hadi siku 15, ili kama aliyeingia ni mwizi, mwenye akaunti apate muda wa kushtuka na kuzuia. Kuwaandikia wahudumu ili wafupishe muda huo ni kazi bure. Hawauondoi hata kwa mwenye akaunti halali.